Maneno Themanini Kuhusu Miezi Tisa

Mpwa wangu alinitumia rasimu ya kwanza kwa Wasap saa nne usiku, mwezi wa kumi na mbili mwaka 2025. Ilianza hivi: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Nilicheka peke yangu sebuleni, maana ndivyo nami nilivyofundishwa kuandika barua za kiofisi, na ndivyo alivyofundishwa na mwalimu aliyefundishwa na mwalimu wangu. Ila hii haikuwa barua. Kilikuwa kisanduku kidogo ndani ya fomu ya Common App, ile ambayo vyuo vingi vya Marekani huipokea kwa pamoja, kwenye kipengele kinachoitwa Additional Information. Hakina kichwa cha habari juu. Kina nafasi nyeupe tu, na chini yake namba inayohesabu maneno.

Amenipa ruhusa kuyaandika haya, kwa sharti moja: nisimtaje jina, wala shule zake.

Kwanza ueleweke mkasa wenyewe. Alimaliza kidato cha nne Novemba 2021, akapata daraja la kwanza, akapangiwa shule ya bweni, tahasusi ya PCB. Aliripoti Julai 2022. Miezi ile mirefu ya kusubiri kidato cha tano ilikuwa imeshapita na mambo yake, na Oktoba akarudi nyumbani akiwa na ujauzito wa miezi sita. Alikuwa na miaka 19. Mtoto akazaliwa Januari 2023. Julai mwaka huo akaanza kidato cha tano upya, shule nyingine, ya kutwa, karibu na nyumbani kwa dada yangu. Akafanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2025. Kurudi kwake kuliwezekana kwa sababu ya Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliotolewa Novemba mwaka ule, unaoruhusu waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo, kurudi kwenye mfumo rasmi. Kabla ya hapo msichana akishika mimba alifutwa shule, na habari yake ikaishia hapo.

Rasimu yake ya kwanza haikuwa na neno mimba hata moja. Ilisema aliacha shule "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu", kisha chini kidogo ikazitaja sababu hizo: familia ilishindwa ada.

Nikampigia.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Ada gani mlishindwa, mama?"

Kimya.

"Ulienda kidato cha tano Julai 2022. Shule ya serikali. Ada ilikuwa imefutwa."

Na kweli ilikuwa imefutwa. Bajeti ya 2022/23, iliyosomwa Dodoma mwezi Juni, ndiyo iliyoondoa ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali, na kundi lake lilikuwa la kwanza kunufaika. Michango, nauli, godoro na ndoo vilibaki, navyo si vidogo. Lakini ada haikuwepo. Mtu anayepitia maombi ya wanafunzi wa Afrika Mashariki kila mwaka anaweza kulijua hilo, na asipolijua leo atalijua kesho. Alichoniambia mpwa wangu ni kwamba rafiki yake alimweleza Wazungu wanapenda kusikia umaskini. Sikumgombeza. Nilimwambia tu kwamba mwisho wa fomu ile unaweka sahihi kuthibitisha kuwa kila ulichoandika ni kweli, na ikibainika vinginevyo nafasi inaweza kuondolewa hata baada ya kupewa, hata ukiwa umeshafika chuoni. Ada ya uongo ingemfuata miaka minne.

Basi tukakaa. Jumamosi nikaenda kwao na laptopu yangu, na kabla ya kuandika lolote nikamwomba afungue fomu nzima nione kila mahali pengo lake linapochungulia. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanakichukulia kisanduku kama insha inayosimama peke yake, wakati msomaji anakifikia akiwa ameshapita kurasa nyingine na kichwani mwake swali limeshaundika.

Pengo lake lilichungulia sehemu nne. Ya kwanza ni miaka. Cheti cha kidato cha nne kinasema 2021, cha sita kinasema 2025. Mtanzania yeyote anajua kwamba aliyemaliza Novemba 2021 hufanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2024, na anayejua mfumo wetu ataona mwaka mmoja umezidi. Ya pili ni shule. Fomu inataka shule zote za sekondari ulizopita, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na maelezo ya kwa nini uliondoka. Ya tatu ni swali linalouliza moja kwa moja kama kuna kilichobadilisha mwendo wa masomo yako: kuchelewa kumaliza, kusimama kwa muda, kuchukua mwaka wa mapumziko. Ukijibu kwamba kipo, unaombwa maelezo. Na ya nne, ambayo mpwa wangu alikuwa ameshaijaza bila kufikiri, iko kwenye ukurasa wa familia: Do you have any children? Alikuwa amejibu ndiyo. Mmoja.

Nikamwonyesha kwa kidole. Huku umesema una mtoto. Kule unasema ulishindwa ada. Msomaji hahitaji kuwa mpelelezi.

Palepale likaja swali ambalo nadhani ndilo gumu kuliko yote, na sikuwa na jibu la haraka: je, analazimika kutaja? Kisheria na kiutu, ujauzito ni habari ya mwili wake. Angeweza kuandika "sababu za kiafya" na asiwe amesema uongo. Watu wengi wana sababu halali kabisa za kuishia hapo. Aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili, aliyefanyiwa ukatili, anayeishi na virusi, hana deni la kumsimulia mgeni. Sentensi kama "Nilisimama miezi tisa kwa sababu za kiafya ambazo zimekwisha" ni kweli, ni fupi, na inatosha. Ukweli wa fomu haudai useme kila unachojua. Unadai kwamba ulichokisema kisimpe msomaji picha ambayo si yenyewe.

Ila kwake yeye kulikuwa na ule ukurasa wa familia. Ukiandika "sababu za kiafya" na hapohapo una mtoto mmoja, na pengo lina urefu wa miezi tisa, unamwachia msomaji fumbo la kufumbua, na atakalolifumbua mwenyewe huenda likawa baya kuliko lilivyo. Tena angeomba msaada wa fedha, na fomu za msaada wa fedha nazo huuliza kama una wategemezi. Kwa hiyo habari ya mtoto ingejulikana tu. Kilichobaki ni kuamua itajulikana kwa maneno ya nani. Nilimweleza hivyo, kisha nikatoka nje kunywa chai na dada, kwa sababu uamuzi haukuwa wangu.

Niliporudi alikuwa ameandika rasimu ya pili. Lo! Maneno mia nne na ushee.

Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ilikuwa na siku aliyoitwa ofisi ya matroni, na basi la kurudi nyumbani, na jinsi mama yake alivyokaa kimya siku tatu bila kumsemesha. Ilikuwa na kijana aliyehusika, ambaye alikata simu na hakupatikana tena. Ilikuwa na usiku wa kwanza wa mtoto, na kitabu cha kemia kikiwa wazi pembeni. Ilifunga kwa kusema kwamba yote haya yalimfundisha kuwa hakuna kisichowezekana.

Tatizo la kwanza lilikuwa la hesabu. Kuanzia msimu wa 2025-26 kisanduku cha Additional Information kwa wanaoomba mwaka wa kwanza kina kikomo cha maneno 300. Zamani kilikuwa 650, na ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni bado unataja namba ile ya zamani. Ukibandika maneno mia nne, hayaingii yote. Lakini hata kisanduku kingekuwa na nafasi ya maneno elfu, rasimu ile isingefaa pale. Simulizi ya namna ile ina mahali pake, nayo ni insha kuu, kama mwenyewe ataka kuisimulia. Kisanduku hiki kinajibu swali moja kavu: hizi karatasi mbona haziungani?

Nikamuuliza kama angependa kuifanya simulizi ile insha yake kuu. Akasema hapana, insha yake inahusu maji ya kisima cha mtaani kwao na chumvi iliyomo, na yeye hataki mimba iwe ndiyo yeye. Nikaona ana akili kuliko mimi.

Kuna kisanduku kingine kwenye fomu hiyohiyo, Challenges and circumstances, chenye kikomo cha maneno 250, kinachokaribisha maelezo ya magumu yaliyokuathiri. Kilichukua nafasi ya kile kilichokuwa kikiuliza habari za korona. Wengi wangeweka habari kama yake humo, na wasingekosea. Yeye alikataa. Alisema kisanduku kile kinamtaka aseme mtoto wake ni tatizo, na yeye hajaja kulalamika. Akakiacha wazi, maana si cha lazima, na maelezo yote akayaweka sehemu moja. Kwenye lile swali la mwendo wa masomo akaandika sentensi moja tu yenye tarehe ya kuacha na ya kurudi, na kumwelekeza msomaji kwenye Additional Information. Hilo naliunga mkono. Kueleza jambo lilelile mara tatu kwa maneno tofauti kunalifanya lionekane kubwa kuliko lilivyo, na kila toleo linaongeza nafasi ya tarehe kupishana.

Tukaanza kupunguza. Njia niliyotumia ni ya kizamani. Nilichukua karatasi, nikaandika maswali ambayo mtu asiyemjua angejiuliza akitazama vyeti vile vya miaka miwili: uliacha lini, kwa nini, ulirudi lini, ni karatasi gani inaonekana mbovu kwa sababu hiyo, na je, jambo lenyewe litakuzuia tena? Kisha tukapita rasimu yake sentensi kwa sentensi, na kila ambayo haikujibu mojawapo ikatoka. Matroni akatoka. Basi likatoka. Kijana yule akatoka, na hapo mpwa wangu akauliza kama si kumficha mtu. Nikamwambia hakuna ukurasa unaomuuliza habari zake. "Hakuna kisichowezekana" nayo ikatoka, bila mjadala.

"Sababu zilizo nje ya uwezo wangu" ilikuwa imerudi kinyemela kwenye rasimu ya pili. Tumeizoea mno sentensi hii. Tunaiandika kwa mwajiri, kwa mwenye nyumba, kwa kamati ya harusi. Kwetu ni adabu, ni namna ya kuomba radhi bila kumtwisha mtu mambo yako. Ukiiweka kwenye Kiingereza cha fomu, adabu inabaki Dar es Salaam na kinachofika ni ukungu. Msomaji anaona mtu anayekwepa. Tukaifuta, mahali pake tukaweka kitenzi chenye mtu ndani yake: niliacha.

Sentensi tuliyoibishania zaidi ilikuwa ya mama yake. Mimi niliona maelezo ya nani anamlea mtoto ni mambo ya ndani. Yeye akasema, Mjomba, wewe ungekuwa wao usingejiuliza? Mtoto wa miaka karibu mitatu, mama anaomba chuo ng'ambo ya bahari. Lazima wajiulize. Nikakubali kwamba lile swali la tano nililoliandika mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Ikabaki.

Mwisho kabisa kulikuwa na pengo la pili, ambalo kwetu si pengo. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo hutoka Julai. Chuo cha Marekani hufungua Agosti au Septemba, na maombi yake yamefungwa miezi mingi nyuma, mengi kufikia tarehe 1 Januari. Mtanzania anayesubiri matokeo ndipo aombe hana namna, atakaa zaidi ya mwaka mtaani kabla ya kuanza. Kalenda ndiyo inayomweka. Lakini msomaji akishaona umesimama mara moja, mwaka huo wa pili atauhesabu kuwa tabia. Ukitaja kalenda kwa sentensi moja, hesabu hiyo haianzi.

Hii ndiyo iliyobaki. Kwenye fomu iko kwa Kiingereza, na huko ilizidi mia kidogo. Kiswahili chake ni maneno 80:

"Niliacha Kidato cha Tano Oktoba 2022 kwa sababu ya ujauzito. Mwanangu alizaliwa Januari 2023. Julai 2023 nilirudi shule, ya kutwa safari hii, nikaanza Kidato cha Tano upya, na nilifanya mtihani wa Kidato cha Sita Mei 2025. Kwa hiyo ripoti ya shule ya kwanza inaonyesha muhula mmoja ambao haukukamilika. Mama yangu ndiye anayemlea mtoto ninapokuwa masomoni, na ataendelea nikiwa chuoni. Tangu Mei 2025 sijasoma kwa sababu Tanzania Kidato cha Sita humalizika Mei na matokeo hutoka Julai. Nafundisha tuisheni ya kemia mtaani."

Tazama kifungu hiki kilivyokaa. Hakiombi radhi. Hakimshukuru msomaji kwa kuchukua muda wake. Neno ujauzito limetajwa mara moja, katika sentensi ya kwanza, ili msomaji asipite mistari mitatu akilisubiri. Sentensi ya ripoti ya shule ya kwanza ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa inashika karatasi halisi ambayo mtu atakuwa nayo mbele yake na kumwambia aisome vipi. Ripoti ile ina alama za majaribio mawili ya Septemba 2022, fizikia 41, na bila maelezo ingeonekana kama mwanafunzi aliyeshindwa akakimbia.

Nilidhani tumemaliza. Tulikuwa tumesahau kwamba shule nayo hutuma maelezo yake. Kwa wenzetu kuna mshauri wa wanafunzi anayejaza taarifa ya shule na kuandika barua. Kwetu kazi hiyo humwangukia mkuu wa shule au mtaaluma, katikati ya ratiba za mitihani na orodha za michango. Jumatatu nikamfuata mtaaluma wa shule ile ya kutwa, mwalimu mwungwana sana, nikamuuliza kama amekwishaandika.

"Nimeandika, mzee, na nimemkingia kifua binti yetu," akasema. "Nimesema alikosa mwaka 2023 wote kwa malaria kali."

Alikuwa amefanya hivyo kwa wema mtupu. Kwake yeye kutaja mimba kwenye barua ya chuo ni kumwanika mtoto wa watu. Nikamshukuru kwanza, kisha nikamsomea maneno yale themanini kutoka kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama binti mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Nikasema ndiye. Akafungua droo, akatoa faili, na kumbe hata tarehe aliyokuwa nayo haikuwa sahihi, kwa sababu barua ya kupokelewa pale shuleni iliandikwa Julai 2023, sasa mwaka wote wa 2023 ungekosekanaje? Kama barua ile ingetumwa, msomaji angekuwa na ujauzito mkononi mmoja na malaria mkono mwingine, miezi tisa huku na mwaka mzima kule, na asingekuwa na njia ya kujua nani kati ya mwanafunzi na mwalimu anasema kweli.

Kwa bahati alikuwa hajaituma. Mtaaluma akaandika upya, kwa namna niliyoipenda: kwamba mwanafunzi alipokelewa Julai 2023 kwa utaratibu wa waraka wa kurejea shuleni, kwamba maelezo ya sababu ameyatoa mwenyewe kwenye fomu yake, na kwamba tangu siku hiyo mahudhurio yake yalikuwa kamili isipokuwa siku sita. Sababu hakuigusa. Haikuwa kazi yake kuigusa. Alithibitisha tarehe, na tarehe ndicho kitu ambacho shule inaweza kukithibitisha.

Tulituma tarehe 28 Desemba usiku. Kabla ya kubonyeza, Common App hukuonyesha fomu nzima kama faili la PDF, na tukalipitia lote. Dada alikuwa kwenye mkeka na mjukuu wake amelala mapajani. Hajui Kiingereza kingi, akamwambia binti amsomee lile la mtoto. Mpwa wangu akalitafsiri, polepole, sentensi kwa sentensi, macho yake kwenye skrini asimtazame mama yake. Alipofika "ataendelea nikiwa chuoni" dada akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa.

Kisha akasema, "Mbona hujaandika anaitwa nani?"

"Hawajauliza, mama."

"Haya," akasema dada, na akamfunika mtoto miguu kwa khanga.